Mgombea Binafsi Mbele ya Mihimili Mitatu

Leo tunazungumza juu ya mgawanyo wa madaraka kati ya Serikali, Bunge na Mahakama. Wanafunzi wa Uraia, najua maelezo ya kitabuni mnayo tayari: Bunge linatunga sheria, Serikali inazitekeleza, Mahakama inazitafsiri na kutoa haki. Mnajua pia kwamba fikra hiyo ilipata umaarufu kupitia Mfaransa Montesquieu, aliyechapisha kitabu chake kuhusu sheria mwaka 1748, na kwamba hofu yake ilikuwa kumwona mtu mmoja akitunga sheria, akizitekeleza, kisha akikaa kuwahukumu watu kwa sheria hizohizo. Sitayarudia hayo. Nataka tuifuate kesi moja ya Tanzania iliyopita katika milango yote mitatu, tuone kila mhimili ulifanya nini, ulikuwa na haki ya kufanya nini, na wapi ulivuka mpaka wake.

Kesi hiyo ni ya Mchungaji Christopher Mtikila, na swali lake lilikuwa jepesi kulieleza. Je, Mtanzania ambaye si mwanachama wa chama chochote anaweza kugombea urais au ubunge?

Turudi mwaka 1992. Katiba ilibadilishwa na nchi ikaingia katika mfumo wa vyama vingi. Lakini mabadiliko hayo yalishikilia sharti moja: ibara ya 39 ilimtaka mgombea urais awe mwanachama wa chama cha siasa na awe amependekezwa na chama hicho, na ibara ya 67 iliweka sharti kama hilo kwa mbunge. Mtikila alikuwa na chama, Democratic Party, lakini hakikuwa na usajili wakati huo. Sheria ya vyama ilidai wanachama kutoka pande zote mbili za Muungano, naye hakukubaliana na sharti hilo. Basi chama chake kilikuwa nje, na yeye mwenyewe, bila chama, alikuwa nje pia. Mwaka 1993 akafungua shauri Mahakama Kuu, Dodoma.

Hapa mwanafunzi wa Uraia asimame kidogo ajiulize: mtu mmoja anapata wapi nguvu ya kuishtaki sheria? Jibu limo ndani ya Katiba yenyewe. Haki za msingi ziliingizwa katika Katiba ya Tanzania mwaka 1984, na kuanzia 1988 mwananchi akaweza kuzidai mahakamani. Ibara ya 26 inampa kila mtu haki ya kuchukua hatua za kisheria ili kulinda Katiba, na ibara ya 30 inamruhusu kwenda Mahakama Kuu akiona haki yake imevunjwa. Serikali ilibisha kwamba Mtikila hakuwa na maslahi yake binafsi ya kutosha katika mambo aliyoyalalamikia. Jaji Kahwa Lugakingira akalikataa pingamizi hilo. Alieleza kwamba mwananchi anayetetea haki ya umma anastahili kusikilizwa, na sehemu hiyo ya hukumu yake bado inasomwa na mawakili wa Afrika Mashariki mpaka leo.

Kisha Jaji akaingia katika kiini cha shauri. Alikuwa na vifungu viwili vya Katiba ileile vinavyovutana. Upande mmoja, ibara ya 21 inampa raia haki ya kushiriki katika uongozi wa nchi, na ibara ya 20 inakataza mtu kulazimishwa kujiunga na chama. Upande wa pili, ibara za 39 na 67 zinasema bila chama hugombei. Jaji alichagua tafsiri inayopanua haki ya raia kuliko ile inayoibana. Tarehe 24 Oktoba 1994 akatamka kwamba mgombea binafsi anaruhusiwa.

Angalieni kazi aliyoifanya. Hakutunga sheria mpya. Alipewa ugomvi, akapewa maandishi ya Katiba, akasema maandishi hayo yakisomwa kwa pamoja yana maana gani. Hiyo ndiyo kazi ya Mahakama. Serikali isiporidhika na tafsiri ya Mahakama Kuu, kuna Mahakama ya Rufani juu yake, na njia ya rufaa ilikuwa wazi.

Lakini kilichoamua mambo kilikuwa njia nyingine. Mwezi huohuo wa Oktoba 1994, kabla hukumu haijasomwa, Serikali ilikuwa imekwisha kupeleka bungeni muswada wa marekebisho ya kumi na moja ya Katiba. Tarehe 2 Desemba Bunge likaupitisha. Tarehe 17 Januari 1995 Rais Ali Hassan Mwinyi akautia saini, ukawa Sheria Namba 34 ya mwaka 1994. Muswada huo uliigusa ibara ya 21, ileile aliyoiegemea Jaji Lugakingira, na kuifunga kamba: haki ya kushiriki uongozi sasa ingetumika bila kuathiri masharti ya ibara za 39 na 67. Mvutano alioutatua Jaji ukafutwa kwa kalamu, na mgombea binafsi akatoka mlangoni kabla hajaingia. Uchaguzi Mkuu wa 1995, wa kwanza wa vyama vingi tangu mfumo huo urejeshwe, ukafanyika bila yeye.

Je, Bunge lilivunja mgawanyo wa madaraka? Nawaomba msijibu haraka, kwa sababu hapa ndipo wanafunzi wengi hupoteza maksi, na watu wazima wengi hupoteza hoja.

Kubadili sheria ni kazi halali ya Bunge. Ibara ya 98 inaliruhusu kubadili hata Katiba, ikipatikana theluthi mbili ya wabunge wote. Mahakama ikisema sheria hii ina maana fulani, na Bunge likaona maana hiyo haifai, linaweza kuandika upya kwa ajili ya siku zijazo. Hilo hutokea katika nchi nyingi na si ukorofi. Kitu ambacho Bunge haliwezi kukifanya ni kukaa kama mahakama ya rufaa, likachukua kesi ya watu fulani waliokwisha kupewa haki, likasema mshindi ameshindwa. Ibara ya 107A inasema Mahakama ndiyo yenye kauli ya mwisho katika utoaji haki. Ibara hiyo iliongezwa mwaka 2000, lakini wazo lenyewe lilikuwa katika muundo wa nchi tangu mwanzo.

Kwa hiyo unapotazama sheria iliyotungwa baada ya hukumu, au wakati kesi inasikilizwa, usiulize tu kama kura zilitosha. Tazama wakati wake: je, imeletwa baada ya nchi kutafakari hukumu, au imekimbizwa ili jaji akimaliza kusoma akute mambo yameshaamuliwa? Tazama inamlenga nani: je, ni kanuni ya jumla, au imekatwa kwa kipimo cha mlalamikaji mmoja? Halafu tazama inachokigusa. Kubadili kiwango cha kodi baada ya hukumu ya kodi ni jambo moja. Kupunguza haki ya msingi ya raia, iliyowekwa katika Katiba ili kumkinga dhidi ya wingi wa kura, ni jambo jingine kabisa.

Kwa maoni yangu, marekebisho ya 1994 yalifuata utaratibu wa ibara ya 98 na bado yaliudhuru mgawanyo wa madaraka. Muswada uliletwa shauri likiwa bado mikononi mwa Jaji, na uliigusa haki ambayo Jaji alikuwa ameombwa kuilinda. Theluthi mbili inatakiwa ili Katiba isibadilishwe na upande mmoja peke yake. Lakini wabunge wa wakati ule walichaguliwa mwaka 1990, katika mfumo wa chama kimoja. Kizuizi kilichowekwa katika Katiba hakikuwa na kitu cha kuzuia.

Na hapa tufike mahali ambapo mchoro wa ubaoni, ule wa masanduku matatu yaliyotenganishwa kwa mistari, unawadanganya wanafunzi. Katika Tanzania, kwa mujibu wa ibara ya 62, Bunge lina sehemu mbili, Rais na wabunge. Rais ni sehemu ya Bunge, ingawa hakai humo kama mbunge. Muswada hauwi sheria mpaka aukubali. Akiukataa, anaurudisha pamoja na sababu zake, na wabunge wakiupitisha tena kwa theluthi mbili ndani ya miezi sita, ibara ya 97 inampa siku 21 za kuutia saini au kulivunja Bunge. Waziri Mkuu na mawaziri wote wanatoka miongoni mwa wabunge, na Rais anaweza kuteua wabunge hadi kumi. Serikali, kwa maana hiyo, ina viti vya mbele ndani ya chombo kinachotakiwa kuisimamia. Wakenya waliliacha hilo katika Katiba yao ya 2010: waziri wa Kenya hawezi kuwa mbunge, naye huja mbele ya kamati za Bunge kama mtu anayeitwa kujieleza.

Mfuateni Mwanasheria Mkuu wa Serikali katika kesi hii na mtaona ninachokisema. Kwa nafasi yake ni mshauri wa Serikali katika mambo ya sheria, na huhudhuria Baraza la Mawaziri. Miswada ya Serikali huandikwa chini ya ofisi yake. Ni mbunge kwa wadhifa wake. Na katika shauri la Mtikila, yeye ndiye aliyeshtakiwa kwa niaba ya Serikali. Yaani ofisi iliyokuwa ikimbishia Mtikila mbele ya Jaji ndiyo iliyokuwa na kalamu ya kuandika muswada na kiti bungeni wakati unajadiliwa. Hakuna aliyevunja sheria hapo, muundo ndio ulivyo. Mwaka 2018 kazi ya kuitetea Serikali mahakamani ilipewa ofisi ya Wakili Mkuu wa Serikali, na hiyo ni hatua ya maana, lakini Mwanasheria Mkuu amebaki katika Baraza la Mawaziri na bungeni.

Mtikila hakukata tamaa. Mwaka 2005 alirudi Mahakama Kuu, safari hii Dar es Salaam, kupinga marekebisho yale yaliyoizima hukumu yake. Sasa kesi za haki za msingi zilikuwa zinasikilizwa na majaji watatu, kwa mujibu wa sheria maalumu iliyotungwa mwaka 1994. Wakaketi Jaji Kiongozi Amiri Manento pamoja na Majaji Salum Massati na Thomas Mihayo. Tarehe 5 Mei 2006 walimpa haki tena. Walisema sharti la lazima la chama linakiuka haki za msingi, na wakaitaka Serikali iweke utaratibu wa kisheria wa wagombea binafsi kabla ya uchaguzi mkuu uliofuata.

Hukumu hiyo ilikuwa na ujasiri kuliko ile ya kwanza, na kwa sababu hiyo ilikuwa na hatari zaidi. Jaji Lugakingira alikuwa amechagua kati ya vifungu viwili vilivyovutana. Mwaka 2006 mvutano huo ulikuwa umeondolewa katika maandishi. Katiba sasa ilisema waziwazi kwamba mgombea lazima awe na chama. Je, mahakama inaweza kukiambia kifungu cha Katiba kwamba kinapingana na Katiba?

Swali hilo ndilo lililofika Mahakama ya Rufani. Majaji saba waliketi, wakiongozwa na Jaji Mkuu Augustino Ramadhani, idadi kubwa kuliko kawaida ya mahakama hiyo, na wanazuoni wa sheria wakaalikwa kutoa maoni kama marafiki wa mahakama. Tarehe 17 Juni 2010, miezi michache kabla ya uchaguzi, walitengua hukumu ya 2006. Hoja yao kwa ufupi ilikuwa hii: Mahakama inaweza kufuta sheria inayopingana na Katiba, lakini haina mamlaka ya kufuta kifungu cha Katiba yenyewe. Suala la mgombea binafsi, walisema, ni la kisiasa, na wa kuliamua ni Bunge. Wakatoa ushauri kwa Mwanasheria Mkuu na Bunge walitazame suala hilo, wakikumbusha maoni ya Kamati ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa kwamba haki ya kugombea isifungwe kwa sharti la kuwa mwanachama wa chama.

Wako waliowalaumu majaji wale kwa woga. Mimi siwalaumu kwa sehemu ya kwanza ya hoja yao. Jaji hachaguliwi na wananchi. Akijipa mamlaka ya kufuta vifungu vya Katiba bila Katiba yenyewe kumpa mamlaka hayo waziwazi, naye atakuwa amevuka mpaka, hata kama nia yake ni njema. Mgawanyo wa madaraka unambana jaji pia. Kuna nchi ambako mahakama zimejenga fundisho kwamba katiba ina nguzo za msingi zisizoweza kubomolewa hata na theluthi mbili, na India ndiyo mfano maarufu, kupitia hukumu ya Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ya mwaka 1973. Mahakama ya Rufani ya Tanzania haikutaka kuifuata njia hiyo. Huo ni uamuzi wenye hoja.

Kinachonisumbua ni sehemu ya pili. Kusema ni suala la kisiasa, liamuliwe na Bunge, maana yake ni kumrudisha mlalamikaji kwa mtu aliyemlalamikia. Karibu Bunge lote la wakati huo lilikuwa limeingia kupitia vyama. Ndilo lililopewa jukumu la kuamua kama wasio na vyama waruhusiwe kushindana na wabunge wake. Kuna njia ya kati ambayo Katiba yenyewe inaijua: ibara ya 30 inaipa Mahakama uwezo wa kutofuta sheria papo hapo, ila kuipa Serikali muda wa kuurekebisha upungufu. Mahakama inayotumia njia hiyo inasema haki ni ipi, kisha inamwachia mtunga sheria kazi ya kuandika. Ushauri wa 2010 haukuwa na muda wala nguvu ya amri.

Baada ya hapo, ndani ya nchi hapakuwa tena na mlango. Mwaka 2011 Mtikila, pamoja na Chama cha Wanasheria Tanganyika na Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu, walikwenda Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, ambayo makao yake yako Arusha. Tarehe 14 Juni 2013 mahakama hiyo iliamua kwamba Tanzania imekiuka Mkataba wa Afrika: haki ya kushiriki katika uongozi wa nchi, uhuru wa kujiunga na wengine, ambao ndani yake una uhuru wa kutojiunga, na haki ya kutobaguliwa na ya usawa mbele ya sheria. Ilikuwa mara ya kwanza kwa mahakama hiyo kuamua kiini cha shauri dhidi ya nchi. Iliiamuru Tanzania ichukue hatua za kikatiba na za kisheria, ndani ya muda unaofaa, kuondoa ukiukaji huo.

Lakini mahakama ile haina polisi wala bajeti ya nchi. Amri yake ilirudi palepale, kwa Serikali na Bunge. Wakati huo mchakato wa Katiba mpya ulikuwa unaendelea, na rasimu ya Tume ya Jaji Joseph Warioba iliweka nafasi ya mgombea huru. Kura ya maoni iliyopangwa kufanyika Aprili 2015 iliahirishwa na haijafanyika. Mtikila alifariki katika ajali ya gari Oktoba 2015, wiki chache kabla ya uchaguzi ambao naye asingeweza kuugombea bila chama. Mwaka 2019 Tanzania iliondoa tamko lililokuwa likiwaruhusu watu binafsi na mashirika kwenda moja kwa moja katika Mahakama ya Arusha, na kuanzia Novemba 2020 mlango alioupitia Mtikila ukafungwa kwa walio nyuma yake.

Mwalimu atakayetaka kulifanyia kazi suala hili darasani awape wanafunzi ibara tatu tu, ya 21, ya 39 na ya 67, kama zilivyo leo. Waziweke mezani, wagawane majukumu: kundi moja liwe Serikali, jingine Bunge, jingine Mahakama, na mwanafunzi mmoja awe mwananchi asiye na chama aliyekuja na malalamiko yake. Kila kundi lianze kwa kutaja ibara inayolipa uwezo wa kufanya linalotaka kulifanya. Lisiloweza kutaja ibara likae kimya.

Nina hakika kundi la Mahakama litapata tabu kubwa kuliko mengine, maana litakuta mikono yake imefungwa na maandishi ya mwaka 1994. Mwananchi yule atageukia kundi la Bunge, apeleke ombi lake kwa watu wenye uwezo wa kubadili Katiba kwa theluthi mbili. Na katika Bunge halisi, kila mbunge wa jimbo aliyeketi pale ameingia kwa tiketi ya chama.